Kulinganisha Nadharia za Jamii katika Insha ya Mtihani: Mfano wa Sungusungu

Msahihishaji wa insha za sosholojia hukutana na aya moja ambayo huonekana kuandikwa na mikono mingi. Watahiniwa hawakuibiana, kila mmoja ameinakili kutoka katika daftari lake, na madaftari yote yalitoka kwenye ubao mmoja. Aya hiyo husomeka takriban hivi:

"Wanauamilifu wanasema jamii ni kama mwili wa binadamu. Durkheim alisema uhalifu ni jambo la kawaida. Wafuasi wa Marx wanasema sheria ni chombo cha tabaka tawala. Becker alisema mkosaji ni mtu aliyepachikwa jina la mkosaji. Kila nadharia ina ubora na udhaifu wake. Uamilifu unapuuza migogoro, Umarx unapuuza makubaliano, na nadharia ya Becker inapuuza muundo wa jamii."

Katika aya hii hakuna sentensi iliyo ya uongo kabisa. Hata hivyo alama zake ni chache, na mtahiniwa hushangaa akisema, "Mbona nimetaja nadharia zote tatu, na udhaifu wa kila moja?" Mimi mwenyewe niliwahi kushangaa hivyo hivyo nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni. Insha yangu ya kwanza ilirudi ikiwa na maneno matatu tu pembeni, kwa wino wa kijani: ushahidi uko wapi? Nilikasirika kwa juma zima, kisha nikaisoma upya na kuona kwamba insha ile ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajapata kuishi katika jamii yoyote.

Makala haya yamekusudiwa walimu wa sekondari, wakiwamo wale wanaosomea shahada huku wakifundisha, na wanafunzi wao wanaojiandaa kwa chuo kikuu au kwa mitihani ya Cambridge, ambayo katika kiwango cha juu ina somo la sosholojia. Yametokana na vikao ambavyo mimi na walimu kadhaa tumekuwa tukivifanya siku za Jumamosi hapa Buzuruga, katika Wilaya ya Ilemela, kando ya barabara itokayo mjini Mwanza kuelekea Musoma. Tulikuwa tukipitia maswali ya mitihani iliyopita, na tuligundua kwamba maswali mengi ya mada ya uhalifu, hata yakibadili mavazi, hurudi kwenye umbo moja: "Adhabu huimarisha mshikamano wa jamii. Jadili kauli hii kwa kulinganisha mitazamo ya kisosholojia."

Njia tuliyoifuata ni rahisi kuieleza, ingawa kuitenda ni kazi. Badala ya kuipa kila nadharia mfano wake iupendao, tulichagua tukio moja na kuzilazimisha nadharia zote zilieleze hilo hilo. Mtu akitumia mfano wa Ufaransa kwa Durkheim, wa Uingereza kwa Marx, na wa Chikago kwa Becker, hajalinganisha kitu. Ameziweka nadharia tatu katika vyumba vitatu zisionane. Tukio tulilolichagua halikuwa mbali. Ni sungusungu.

Tukio lenyewe

Ni lazima kwanza tukio lijulikane vizuri, maana mtahiniwa asiyelijua tukio hujikuta akililazimisha liseme lile ambalo nadharia inataka.

Sungusungu ni majeshi ya jadi ya ulinzi yaliyozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi, katika maeneo ya Kahama na jirani zake, na kuenea haraka mno katika mikoa ya Shinyanga, Tabora na Mwanza. Sehemu nyingine waliitwa Wasalama, yaani watu wa amani. Adui yao mkubwa alikuwa mwizi wa ng'ombe, lakini walishughulika pia na watu waliodhaniwa kuwa wachawi. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale, na ishara yao ya hatari ilikuwa mwano, yaani yowe ambalo kwa desturi kila mwanamume anayelisikia hana budi kuliitikia. Kiongozi wa kijiji aliitwa ntemi, cheo cha watawala wa zamani ambao utawala wao ulifutwa kisheria mwaka 1963. Lakini pembeni mwa ntemi huyu alikaa katibu mwenye daftari. (Mwanafunzi wa Max Weber atatabasamu hapa: mamlaka ya jadi na mamlaka ya kimaandishi yamekaa kwenye benchi moja.) Aliyepatikana na hatia alitozwa faini, aliweza kupigwa, na aliyekaidi alitengwa: hakuna wa kusalimiana naye, wala kumpa moto, wala kumsaidia msibani, mpaka atakapokubali kosa na kulipa.

Kwa nini yalizuka wakati ule? Vita dhidi ya Idi Amin, vilivyoanza mwishoni mwa 1978 na kumalizika 1979, viliacha bunduki nyingi mikononi mwa watu, na wizi wa mifugo ukawa wa kutumia silaha. Hali ya uchumi ilikuwa imezorota. Bidhaa zilikuwa adimu. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye kaya zao zilizotawanyika na kuwekwa vijijini katika miaka ya katikati ya 1970. Imani kwa vyombo vya dola nayo ilikuwa imepata jeraha. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji mikoani Mwanza na Shinyanga, baadhi ya watuhumiwa waliteswa na wengine kufa wakiwa kizuizini, na mapema mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu akiibeba dhamana ya kisiasa.

Serikali haikuwa na sauti moja juu ya sungusungu. Viongozi wa Chama waliwasifu kama wananchi wanaojilinda. Polisi na mahakama waliwaona kama watu waliojitwalia madaraka, na wengine walifikishwa mahakamani. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na vikundi hivi vikapata nafasi ya kisheria. Haya yote yameandikwa na watafiti wanaojulikana. Ray Abrahams, mwanaanthropolojia wa Cambridge aliyewajua Wanyamwezi tangu miaka ya 1950, alichapisha uchunguzi wake mwaka 1987. Sufian Bukurura, mwanasheria wa Kitanzania, alilichunguza suala hili katika miaka iliyofuata. Na Michael Fleisher aliandika mwaka 2000 juu ya sungusungu na wezi wa ng'ombe miongoni mwa Wakurya.

Sasa tuziite nadharia, moja baada ya nyingine.

Mtazamo wa uamilifu

Uamilifu ni mtazamo unaouliza: jambo hili hufanya kazi gani katika kuihifadhi jamii? Emile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1893 juu ya mgawanyo wa kazi, alitoa hoja ambayo wengi huinukuu nusu. Hakusema tu kwamba uhalifu ni wa kawaida. Alisema kwamba kosa huijeruhi dhamiri ya pamoja, yaani yale ambayo watu wa jamii moja huyaamini kwa pamoja, na kwamba adhabu huiponya dhamiri hiyo. Kwa hiyo anayelengwa hasa na adhabu si mkosaji bali ni watu wema: wanapokusanyika kulaani, hukumbushana wao ni nani.

Ushahidi wa sungusungu unaukubali mtazamo huu kwa namna ya kuvutia. Mkutano wa hukumu ulikuwa wa hadhara. Wanaume wa kijiji kizima walihudhuria, si hakimu na karani pekee. Mwano uliwafunga watu kwa wajibu mmoja. Lakini ushahidi ulio bora kuliko yote ni ule utengwaji. Tazama jinsi unavyofanya kazi: anayemtenga mtu ni kila jirani, kila siku, kwa kumnyima salamu. Adhabu ya namna hii haiwezekani kabisa mahali ambapo mshikamano haupo, kwa sababu jirani mmoja tu akimpa moto yule aliyetengwa, adhabu imevunjika. Na mlango wa kurudi ulikuwa wazi: akilipa na kukiri, hurejeshwa. Hivi ndivyo mtu angetegemea kuona ikiwa Durkheim alikuwa na haki.

Sasa uhakiki. Daftari linasema "uamilifu unapuuza migogoro." Uhakiki huu si wa haki, na msahihishaji aliyesoma hataupa alama nyingi. Robert Merton, ambaye ni mwanauamilifu, aliandika mwaka 1949 kwamba jambo moja linaweza kuwa na manufaa kwa kundi moja na madhara kwa jingine, na akawataka wenzake wataje kila mara ni manufaa kwa nani. Ukimshutumu mtu kwa kosa ambalo wenzake walikwisha kulisahihisha, umeshinda vita na kivuli.

Uhakiki wa haki ni ule unaoishika nadharia mahali inapojisimamisha yenyewe. Upo wa aina mbili. Wa kwanza ni wa wakati. Ikiwa sungusungu walizuka kwa sababu jamii inahitaji mshikamano, mbona hawakuzuka mwaka 1970? Haja ya mshikamano ilikuwapo siku zote. Matokeo ya jambo, hata yawe mema namna gani, hayaelezi chanzo chake. Mvua hukuza mahindi, lakini hainyeshi ili mahindi yakue. Bunduki za mwaka 1979 zinaeleza wakati, mshikamano hauelezi. Uhakiki wa pili ni wa mipaka ya neno "jamii." Kikao cha hukumu kilikuwa cha wanaume, na miongoni mwa waliohukumiwa walikuwamo wanawake waliotuhumiwa uchawi. Dhamiri iliyoponywa pale ilikuwa dhamiri ya nani? Merton angeruhusu swali hili. Durkheim wa mwaka 1893 hakulijibu.

Mtazamo wa mgongano

Wafuasi wa Karl Marx huanza kwa swali jingine: nani anafaidika, na nani anagharimia? Sheria na adhabu, kwa maoni yao, hulinda mali, na mali haikugawanyika sawa.

Katika vikao vyetu hapa ndipo ubishi ulipopamba moto, maana walimu wawili walikulia kwenye kaya za wafugaji. Mmoja alisema: "Mwenye ng'ombe mia mbili na mwenye ng'ombe wawili wote walikesha usiku ule ule na mishale ile ile. Aliyelindwa zaidi ni nani?" Huo ni ushahidi mzuri wa kimgongano, kwa sababu unataja gharama na faida. Kazi ya kulinda iligawanywa kwa kaya. Mali iliyolindwa ilikuwa imegawanywa kwa utajiri. Kijana asiye na ng'ombe alifuatilia nyayo za mifugo ya tajiri kwa siku kadhaa, akiliacha shamba lake.

Ushahidi wa pili ni ule wa mwaka 1989. Dola ambayo haikuwa na petroli wala magari ya kutosha ya polisi ilipata jeshi lisilolipwa mshahara. Mfuasi wa Marx atasema: tazama, chombo kilichoundwa na wananchi kimechukuliwa na dola mara tu kilipoonekana kuwa rahisi na chenye faida. Mwanafunzi akiliandika hili aongeze mwaka na kitendo, yaani marekebisho ya sheria za mgambo; akisema tu "dola ilitumia sungusungu kwa maslahi yake," amerudi kwenye daftari.

Ubishi haukuishia hapo. Mwalimu wa pili alijibu: "Ng'ombe wawili wa maskini ni jembe lake, ni mahari ya mwanawe, na ni benki yake. Tajiri akiibiwa ishirini hubaki na mia moja na themanini. Maskini akiibiwa wawili hana kitu." Jibu hili ndilo uhakiki wa haki dhidi ya mtazamo wa mgongano. Halisemi kwamba matabaka hayapo. Linasema kwamba mali iliyolindwa haikuwa ya tabaka moja, na kwamba hasara ileile huwa nzito zaidi kwa mnyonge. Kwa hiyo ule utayari wa maskini kukesha hauhitaji kuelezwa kwamba alidanganywa. Nadharia inayoeleza ridhaa ya maskini kwa kudai kila mara kwamba hajui maslahi yake haiwezi kushindwa na ushahidi wowote, na hapo ndipo inapopoteza nguvu zake za kisayansi.

Kuna uhakiki mwingine, na huu unatoka moja kwa moja katika maandishi ya Abrahams. Ikiwa dola ni chombo cha tabaka moja, tungetegemea iwe na msimamo mmoja. Lakini kati ya mwaka 1982 na 1989 Chama kiliwasifu watu walewale ambao polisi waliwakamata. Mtetezi hodari wa Umarx atajibu kwamba tabaka tawala lenyewe huwa na makundi yanayovutana, na jibu hilo linastahili kutajwa. Haki ya uhakiki ni kuiruhusu nadharia ijibu. Hata hivyo jibu hilo lina bei yake: ukikubali kwamba dola inavutana ndani, huwezi tena kutabiri itafanya nini kwa kujua tu maslahi ya tabaka.

Mtazamo wa kupachika majina

Howard Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya watu wanaotengwa, aligeuza swali upande wa pili. Asiulizwe kwanza mkosaji, bali aulizwe anayemwita mkosaji. Kosa si sifa iliyomo ndani ya kitendo; ni matokeo ya watu kukitafsiri kitendo na kumbandika mtendaji jina. Na jina likisha kubandikwa, hubadili maisha ya mtu, kwa kuwa kila alitendalo baadaye husomwa kupitia jina hilo.

Watahiniwa wengi hutaka kuutumia mtazamo huu kwa mwizi wa ng'ombe, na hapo huteleza. Ng'ombe aliyeibwa hayupo zizini, na nyayo zake zinaonekana. Mahali ambapo mtazamo huu unang'aa ni kwenye kosa lile jingine ambalo sungusungu walilishughulikia, yaani uchawi, kwa sababu huko kitendo chenyewe hakionekani na jina hufanya kazi yote.

Simeon Mesaki, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichunguza mauaji ya waliodhaniwa kuwa wachawi katika Usukuma na kuonyesha kwamba wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee. Mojawapo ya alama zilizotumiwa na watu kumtambua "mchawi" ni macho mekundu. Fikiri kidogo juu ya alama hii. Mwanamke aliyepika maisha yake yote katika nyumba ndogo isiyo na dirisha, kwa kuni au kwa samadi kavu, atapata macho mekundu kwa moshi. Alama hiyo basi haimwonyeshi mtenda kosa. Inamwonyesha mwanamke, mzee, na maskini. Becker hangeweza kupata mfano ulio bora zaidi hata angeutafuta.

Daftari linasema udhaifu wa nadharia hii ni kwamba haielezi kwa nini mtu alitenda kosa mara ya kwanza. Becker mwenyewe, katika toleo la mwaka 1973, alijibu kwamba hakuwahi kudai kulieleza hilo. Kumlaumu kwa kazi ambayo hakuichukua ni sawa na kumlaumu mvuvi wa dagaa kwa kutoleta sangara.

Uhakiki wa haki unapatikana katika takwimu, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie kidogo, kwa kuwa utafiti huu unafaa kuingia katika insha nyingi. Mwaka 2005 mwanauchumi Edward Miguel alichapisha uchunguzi kutoka vijiji vya Wilaya ya Meatu, ambayo siku hizo ilikuwa Mkoa wa Shinyanga na leo imo Mkoa wa Simiyu. Alilinganisha miaka ya mvua ya kawaida na miaka ya ukame mkali au mafuriko. Aliona kwamba katika miaka ya mvua mbaya mauaji ya watu walioitwa wachawi yalikuwa takriban mara mbili ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi waliohusika na mauaji walikuwa ndugu zao.

Tuyapime matokeo haya taratibu. Imani ya uchawi ilikuwapo mwaka wa mvua njema na mwaka wa njaa. Macho mekundu yalikuwapo miaka yote miwili. Ikiwa jina peke yake ndilo linaloua, idadi isingepanda na kushuka pamoja na mvua. Kuna kitu cha kimaisha, yaani chakula kupungua ndani ya nyumba, kinacholiamsha jina lililolala. Huu ni uhakiki wa haki dhidi ya Becker, kwa sababu unakubali alichokionyesha, kisha unauliza kile ambacho nadharia yake haiwezi kukijibu: kwa nini mwaka huu?

Lakini asifurahi mapema mfuasi wa Marx. Njaa inaeleza mwaka, haielezi mhanga. Nyumba yenye upungufu wa chakula ina watoto, ina wazee wanaume, ina vijana wasiofanya kazi. Kwa nini ni bibi kizee aliyechaguliwa, na kwa nini kwa jina la mchawi, si kwa jina jingine? Hapo lazima turudi kwa Becker, na kwa wale wanaosisitiza kwamba mamlaka katika kaya ni ya kijinsia. Mpaka hapa ndipo neno "linganisha" lilipopata maana yake katika kikao chetu. Nadharia mbili zilikuwa zimekutana juu ya maiti mmoja, na kila moja ilieleza sehemu ambayo nyenzake iliiacha.

Kuiandika aya upya

Tuirudie sasa ile aya ya daftari. Mmoja wa walimu aliandika sehemu yake upya kwa dakika kumi na tano, bila kitabu, na hivi ndivyo ilivyokuwa:

"Durkheim angetegemea adhabu ya sungusungu ilenge zaidi kuwaunganisha wanakijiji kuliko kumwangamiza mkosaji, na utengwaji unamuunga mkono, kwa kuwa ulitegemea kila jirani kushiriki na uliacha mlango wa kurudi. Lakini mshikamano hauelezi kwa nini vikundi hivi vilizuka baada ya vita vya 1978 na 1979, si kabla. Mtazamo wa mgongano unaeleza vizuri zaidi wakati huo, kwa kutaja silaha, uhaba na mali iliyohitaji kulindwa. Hata hivyo unashindwa kueleza ridhaa ya maskini, mpaka utambue kwamba ng'ombe wawili wa maskini nao ni mali."

Si aya kamilifu. Neno "vizuri zaidi" lingehitaji kutetewa, na Merton angepaswa kutajwa. Lakini tazama tofauti yake na ile ya kwanza. Kila nadharia imeambiwa itegemee kitu. Kitu hicho kimetafutwa katika tukio. Kisha nadharia imeshikwa mahali ilipopungukiwa, na pale ilipopungukiwa ndipo nadharia nyingine ilipoingia. Neno "lakini" na neno "hata hivyo" yamefanya kazi ya kweli. Katika aya ya daftari ungeweza kuzipanga upya sentensi kwa mfuatano wowote bila kudhuru maana. Jaribu kufanya hivyo na aya hii, itavunjika. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia ninaposahihisha, na mwanafunzi anaweza kukitumia mwenyewe kabla ya kukabidhi karatasi.

Kosa moja nimeliona kwa wanafunzi hodari zaidi, na si la kupuuzwa. Wakisha kuujua mfano wa sungusungu hutaka kuutumia kwa kila swali, na huuchukulia kana kwamba sungusungu ni kitu kimoja mahali pote na wakati wote. Sungusungu wa Kahama wa mwaka 1982, waliojianzisha wenyewe, si sawa na wale wa Ukuryani, ambako Fleisher alieleza vikundi vilivyoungwa mkono na dola, vilivyofanikiwa mwanzoni na baadaye kuchafuliwa na rushwa. Wala si sawa na ulinzi wa usiku wa mitaa ya mjini, ambao watu bado huuita kwa jina hilo hilo ingawa mlinzi wake pengine hupokea ujira kutokana na michango ya kaya. Ushahidi lazima utajwe pamoja na mahali na mwaka wake. La sivyo msahihishaji atauliza ni sungusungu gani.

Zoezi

Kwa darasa la watu kumi au zaidi, swali liwe hili: "Ulinzi wa usiku wa mtaa wenu huimarisha mshikamano wa wakazi. Jadili." Kabla ya kuandika, kila mwanafunzi akusanye mambo manne mtaani kwake kwa muda wa juma moja: ni kaya zipi huchangia na kiasi gani, ni nani hasa wanaokesha, ni watu gani husimamishwa na kuhojiwa usiku, na kwa dalili zipi, na asiyechangia hufanywa nini. Jambo la kwanza na la pili litawahusu wafuasi wa Marx, la tatu Becker, la nne Durkheim. Majina ya watu yasiandikwe.

Sisi hapa Buzuruga tulipolijaribu zoezi hili wenyewe, tulikwama kwenye jambo la tatu. Walimu wanne kati ya wanaokaa kikaoni waliwahi kusimamishwa usiku, na wote wanne ni vijana waliopanga chumba; wenye nyumba hakuna hata mmoja. Je, hilo ni jina lililobandikwa, au ni mali inayolindwa? Tulibishana mpaka magrib, na wa kikao kijacho wameombwa waje na ushahidi ambao jibu moja lingeutegemea na jibu la pili lisingeutegemea.